Namba tasa hadi kikomo: utumie chekeche au ujaribu namba moja moja?

Umepewa kikomo, iwe 100 au 1,000,000, na unatakiwa kuorodhesha namba tasa zote zisizokizidi. Wazo linalokuja lenyewe ni kuchukua kila namba, kuigawanya, na kuiandika ukikosa kigawo. Wazo la pili ni chekeche, njia iliyopewa jina la Eratosthenes, msomi aliyesimamia maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Njia zote mbili hutoa orodha ileile. Zinachotofautiana ni kazi inayofanyika njiani, na kwa vikomo vidogo tofauti hiyo haionekani. Ndiyo maana mtu aliyejaribu zote mbili hadi 100 hubaki akijiuliza kama kuna haja ya kuhama.

## Tunapima nini

Tutazipima njia hizi kwa mambo manne. La kwanza ni kazi: hatua ngapi zinafanyika, na zinatumika kwa namba zipi. La pili ni kumbukumbu, yaani nafasi inayohitajika kwenye karatasi au kwenye kompyuta. La tatu ni makosa yanayojitokeza mara nyingi na namna ya kuyagundua. La nne ni nani inamfaa.

Kasi kwa sekunde tumeiacha kwa makusudi. Sekunde hutegemea mashine na lugha ya programu, lakini idadi ya hatua ni ileile kwa kila mtu, na unaweza kuihesabu mwenyewe kwa kalamu.

## Njia ya kwanza: kujaribu namba moja moja

Inavyokwenda. Kila namba n inagawanywa kwa namba tasa ndogo: 2, 3, 5, 7 na kuendelea. Mgawanyo mmoja ukikosa baki, n si tasa na unahamia namba inayofuata. Ukifika kwenye namba tasa ambayo mraba wake umezidi n bila kupata kigawo, n ni tasa. Huna haja ya kwenda mbali zaidi, kwa sababu vigawo huja wawili wawili: ikiwa n = a × b, mmojawapo lazima usizidi kipeuo cha pili cha n.

```python
def moja_moja(N):
    tasa = []
    for n in range(2, N + 1):
        for p in tasa:
            if p * p > n:
                tasa.append(n)
                break
            if n % p == 0:
                break
        else:
            tasa.append(n)
    return tasa
```

Hiyo `else` ya mwisho inahusu namba 2 peke yake, kwani wakati huo orodha bado ni tupu.

Kazi. Tuhesabu hadi 100. Namba 2 na 3 hazigawanywi hata mara moja. Kuanzia 4 hadi 100 kila namba inagawanywa kwa 2, hiyo ni migawanyo 97, na shufwa 49 zinaondoka. Witiri kuanzia 9 zinagawanywa kwa 3: migawanyo 46, zinaondoka 16. Zilizobaki kuanzia 25 zinagawanywa kwa 5: migawanyo 25, zinaondoka 6. Mwisho, zilizobaki kuanzia 49 zinagawanywa kwa 7: migawanyo 13, na zinaondoka 49, 77 na 91. Jumla ni migawanyo 181, na namba tasa zilizopatikana ni 25.

Angalia sasa kazi hiyo imetumika wapi. Namba 98 imetoka kwa mgawanyo mmoja tu. Namba 97 imegawanywa kwa 2, 3, 5 na 7, mara nne, na yote imetoka patupu. Ndivyo njia hii ilivyo: namba isiyo tasa huwa rahisi mara nyingi, lakini kila namba tasa inalipiwa gharama kamili, maana haikubaliwi mpaka kila kigawo kinachowezekana kimeshindwa. Hadi 100 gharama kamili ni migawanyo minne. Karibu na 1,000,000 ni 168, kwa kuwa hizo ndizo namba tasa zilizo chini ya 1,000. Karibu na 1,000,000,000 ni 3,401. Tatizo la njia hii, basi, ni kwamba inatumia jasho jingi zaidi kwa zile namba unazozitafuta.

Kumbukumbu. Hapa haina mpinzani. Inahitaji tu namba tasa hadi kipeuo cha pili cha kikomo. Kwa 1,000,000 ni namba 168, zinazotosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Tena haidai kikomo mapema: unaweza kuiacha iendelee na kuisimamisha unapotosheka.

Makosa. Kosa kubwa ni alama moja. Ukiacha kutafuta vigawo pale p × p inapolingana na n, badala ya pale inapoizidi, miraba ya namba tasa itapita kama tasa. Hadi 100 utapata namba 29 badala ya 25, kwa sababu 4, 9, 25 na 49 zimejipenyeza. Kosa hili hugundulika haraka, kwani 4 huonekana mwanzoni kabisa mwa orodha.

Kwa mkono kosa ni la jicho. Namba kama 51, 57, 87 na 91 zina sura ya tasa, na anayejaribu moja moja huchoka na kuzipitisha. Tatu za kwanza zinagawanyika kwa 3, na 91 ni 7 × 13.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye namba chache za kukagua, namba zilizotawanyika, au asiyejua kikomo chake kitaishia wapi. Inamfaa pia anayeanza kujifunza, kwa sababu kila mstari wa programu unasema moja kwa moja maana ya namba tasa.

## Njia ya pili: chekeche

Inavyokwenda. Andika namba zote kutoka 2 hadi kikomo. Chukua ya kwanza isiyokatwa, 2, iache, kisha kata vigawe vyake: 4, 6, 8 na kuendelea. Inayofuata isiyokatwa ni 3: kata kuanzia 9. Kisha 5: kata kuanzia 25. Kisha 7: kata kuanzia 49. Kwa kikomo cha 100 unaishia hapo, maana inayofuata ni 11 na mraba wake, 121, umekwisha kupita kikomo. Zote zilizobaki bila kukatwa ni tasa.

Kwa nini 7 ianzie 49 na si 14? Kwa sababu 14, 21, 28, 35 na 42 ni 7 mara 2, 3, 4, 5 na 6, na kila mojawapo ya hizo ina kigawo tasa kilicho kidogo kuliko 7. Zimekwisha kukatwa na 2, 3 au 5. Kigawe cha kwanza cha 7 ambacho huenda bado kipo hai ni 7 × 7.

```python
from math import isqrt

def chekeche(N):
    hai = bytearray([1]) * (N + 1)
    hai[0] = hai[1] = 0
    for p in range(2, isqrt(N) + 1):
        if hai[p]:
            for k in range(p * p, N + 1, p):
                hai[k] = 0
    return [n for n in range(N + 1) if hai[n]]
```

Kazi. Hadi 100, namba 2 inakata mara 49, 3 inakata mara 31, 5 mara 16 na 7 mara 8. Jumla ni mikato 104. Ukilinganisha na migawanyo 181 utasema tofauti ni ndogo, na ni kweli. Ila mkato na mgawanyo si kazi za uzito mmoja. Kukata ni kujongea hatua p mbele na kuweka alama, yaani kujumlisha tu. Kugawanya ni kazi nzito zaidi kwa mtu na kwa prosesa vilevile.

Tofauti yenyewe inajitokeza kikomo kinapokua. Hadi 1,000,000 chekeche hufanya takriban mikato milioni 2.12. Kwa upande wa pili, chukua sehemu moja tu ya kazi ya kujaribu moja moja: namba tasa zilizo kati ya 500,000 na 1,000,000. Ziko 36,960. Kila moja inagawanywa kwa namba tasa zote zisizozidi 707, ambazo ni 126. Hiyo ni migawanyo zaidi ya milioni 4.65, na bado hatujagusa namba tasa za nusu ya kwanza, wala namba hata moja isiyo tasa. Sehemu hiyo peke yake imezidi mara mbili kazi nzima ya chekeche. Na kama mtu hakutunza orodha ya tasa, bali anagawanya kwa 2 na kila witiri hadi kipeuo, migawanyo kwa namba hizo hizo inapita milioni 13.

Sababu ni kwamba chekeche limegeuza swali. Haliiulizi namba, "una kigawo?" Linaanza na kigawo na kwenda moja kwa moja kwenye namba zinazogawanyika nacho, bila kuzigusa nyingine. Namba 97 haikuguswa hata mara moja, na 999,983, tasa kubwa kuliko zote chini ya milioni, haiguswi pia. Gharama yote imehamia kwa namba zisizo tasa, na hizo hukatwa mara chache: 60, kwa mfano, inakatwa na 2, 3 na 5, basi. Ukigawanya mikato kwa kikomo utaona inavyopanda polepole: kwa 100 ni mkato mmoja na chembe kwa kila namba, kwa milioni ni miwili na kidogo, na kwa bilioni haifiki hata mitatu. Linganisha na ile 4, 168 na 3,401 ya kila namba tasa katika njia ya kwanza.

Ukitaka kupunguza zaidi, acha shufwa zote nje tangu mwanzo na uruke hatua 2p badala ya p. Hadi milioni mikato hushuka hadi takriban 811,000.

Kumbukumbu. Hapa ndipo chekeche linapodai malipo yake. Kila namba hadi kikomo lazima iwe na nafasi ya alama. Ukitumia baiti moja kwa kila namba, milioni moja inachukua megabaiti 1 na bilioni moja inachukua gigabaiti 1. Ukitumia biti moja kwa kila witiri, bilioni inashuka hadi megabaiti 62.5. Katika Python usitumie orodha ya kawaida ya `True` na `False`: kwenye mashine za biti 64 kila nafasi hushika baiti 8, na bilioni moja itadai gigabaiti 8. Ndiyo maana mfano wa hapo juu umetumia `bytearray`.

Kumbukumbu ikiwa ndiyo kikwazo, chekecha kwa vipande. Tafuta kwanza namba tasa hadi kipeuo cha kikomo, kisha shughulikia kipande kimoja kimoja cha masafa, ukitumia nafasi ileile tena na tena. Tuseme unataka namba tasa kati ya 1,000,000 na 1,000,100. Unahitaji namba tasa 168 zisizozidi 1,000, na kwa kila moja unatafuta kigawe chake cha kwanza ndani ya kipande kwa `((A + p - 1) // p) * p`, ambapo `A` ni mwanzo wa kipande. Kwa 7 jibu ni 1,000,006. Kutoka hapo unakata 1,000,013, 1,000,020 na kuendelea. Zitakazobaki ni sita: 1,000,003, 1,000,033, 1,000,037, 1,000,039, 1,000,081 na 1,000,099. Vipande vinavyotosha ndani ya kumbukumbu ya karibu ya prosesa, makumi machache ya kilobaiti, mara nyingi hukimbia haraka kuliko chekeche moja kubwa, kwa sababu hatua ndefu za p kubwa hazirukiruki tena kwenye kumbukumbu ya mbali.

Makosa. Kosa la kipeuo lipo hapa pia, lakini hujificha vizuri zaidi. Ukiandika `range(2, isqrt(N))` na kusahau kuongeza 1, jaribio la 100 litatoa namba 25 sawasawa, kwa kuwa namba iliyoachwa ni 10, nayo si tasa. Jaribu 121: jibu sahihi ni namba 30, lakini programu yenye kosa itatoa 31, na ya mwisho itakuwa 121 yenyewe. Chekeche lipimwe kwa mraba wa namba tasa, si kwa namba ya duara kama 100.

Kosa la pili huwapata wanaotumia C au Java. Mzunguko wa nje ukiachwa uende hadi kikomo badala ya kipeuo, na `i * i` ikahesabiwa kwa biti 32, mambo yanaharibika kwenye `i` ya kwanza isiyokatwa kuanzia 46,341. Mraba wa 46,341 ni 2,147,488,281, uliopita 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote inayotosha humo. Thamani hugeuka hasi na programu inaandika nje ya orodha. Dalili ni kwamba hadi 40,000 kila kitu ni shwari, lakini hadi 50,000 programu inaanguka.

Mengine ni madogo: kusahau kukata 0 na 1, au kutenga nafasi N badala ya N + 1 na hivyo kukosa kikomo chenyewe.

Inamfaa nani. Anayetaka orodha nzima, anayejua kikomo chake, na mwenye nafasi ya kutosha au aliye tayari kukata kazi vipande.

## Jihadhari na chekeche bandia

Kuna programu fupi na ya kupendeza inayosambazwa kwa jina la chekeche:

```python
def bandia(N):
    z = list(range(2, N + 1))
    for p in range(2, isqrt(N) + 1):
        z = [n for n in z if n == p or n % p]
    return z
```

Inatoa jibu sahihi na inaonekana kama inachekecha. Lakini tazama ndani: kuna `%`. Kila namba iliyobaki inagawanywa kwa kila p, tasa na isiyo tasa. Hata ukiirekebisha itumie p tasa peke yake, kila mojawapo ya namba tasa 78,498 zilizo chini ya milioni itagawanywa mara 168, na hiyo ni migawanyo zaidi ya milioni 13. Ni mbaya kuliko njia ya kwanza, kwa kuwa ile angalau husimama mraba wa p unapoipita n; hii inaigawanya 101 hata kwa 997. Kipimo cha haraka: chekeche la kweli halina mgawanyo katika mzunguko wa ndani. Lina hatua za p tu.

Kwa mkono ubandia huo una sura yake. Mwanafunzi anapita kwenye jedwali namba kwa namba akijiuliza, "hii inagawanyika kwa 7?" Anapaswa kuhesabu nafasi: saba mbele, kata, saba mbele, kata. Jedwali la safu sita linaloanza na 1 husaidia sana, zuri kuliko lile la safu kumi lililozoeleka. Vigawe vya 2 na 3 hujaza safu nzima nzima, vya 5 hushuka kwa mshazari kuelekea kushoto, vya 7 kuelekea kulia, na ukiacha 2 na 3 zenyewe, namba tasa zote hubaki kwenye safu ya kwanza na ya tano.

## Uchague ipi, kulingana na hali yako

Orodha kamili hadi kikomo unachokijua, kuanzia elfu kadhaa na kuendelea: chekeche. Hadi milioni kumi hivi lile la kawaida la baiti linatosha kwenye kompyuta yoyote ya leo. Ukikaribia bilioni, acha shufwa nje na uchekeche kwa vipande.

Namba moja tu, au chache zilizotawanyika. Kuchekecha hadi 999,983 ili kujua kama yenyewe ni tasa ni kufanya mikato milioni mbili pale ambapo migawanyo 168 ingetosha. Jaribu moja moja. Namba ikiwa na tarakimu ishirini au zaidi, njia zote mbili zimeshindwa. Hapo hutumika majaribio ya aina nyingine, kama la Miller-Rabin.

Namba tasa elfu moja za kwanza, bila kuambiwa kikomo. Kujaribu moja moja kunakwenda bila shida. Ukipenda chekeche, tafuta kikomo salama: namba tasa ya n haizidi n × (ln n + ln ln n) kwa n kuanzia 6. Kwa 1,000 fomula inatoa takriban 8,840, na namba tasa ya elfu moja ni 7,919, kwa hiyo ipo ndani.

Dirisha jembamba mbali juu, kwa mfano namba 100 karibu na 1,000,000,000,000. Hapa njia hizi zinakaribiana. Chekeche la vipande linahitaji namba tasa zote 78,498 zilizo chini ya milioni, na kwa kila moja linafanya mgawanyo mmoja wa kutafuta pa kuanzia, hata kama haina kigawe ndani ya dirisha. Kujaribu moja moja kunafanya migawanyo 78,498 kwa kila namba tasa iliyomo, na kwa kawaida humo huwa na chache, tatu au nne hivi. Kama kazi ni ya mara moja, chagua programu uliyonayo tayari. Dirisha likipanuka hadi maelfu ya namba, chekeche linachukua nafasi yake.

Kazi ya darasani kwa karatasi. Chekeche hadi 120 kwenye jedwali la safu sita, mistari ishirini, halafu wanafunzi wakague 91, 119 na 113 kwa kugawanya. Mbili za kwanza zitakuwa zimekatwa na 7, na ya tatu itabaki.

Unataka pia vigawo vya kila namba, si kujua tasa peke yake. Tumia chekeche, lakini badala ya alama ya kukata andika ile p iliyoikata namba kwa mara ya kwanza. Kwa 84 utakuta 2. Gawanya, upate 42, ukaangalie nafasi ya 42, na kuendelea: 2, 2, 3, 7. Nafasi itakayotumika ni kubwa zaidi, baiti 4 kwa kila namba ukiziandika kwa biti 32, kwa hiyo milioni kumi zitahitaji megabaiti 40.